Sentensi moja, kanuni moja

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuandika insha ya kurasa tatu kuhusu mambo ya mwakani bila kutumia hata mara moja umbo kama “atakayefika”, “yatakayopita” au “kitakachovunjika”. Kila anapolikaribia hukwepa kwa amba-: mgeni ambaye atafika, magari ambayo yatapita, kiti ambacho kitavunjika. Hajakosea popote. Amba- ni Kiswahili safi, na mwalimu anayesahihisha insha hiyo hana mahali pa kuweka kalamu nyekundu. Ila pia hana njia ya kujua kama mwanafunzi wake analijua lile umbo jingine au analikimbia.

Hapo ndipo swali la kugeuza sentensi linapofanya kazi ambayo insha haiifanyi. Mwanafunzi hupewa sentensi, maana ikiwa imeshatimia. Anachotakiwa ni kuisema upya kwa umbo aliloelekezwa, na njia ya kukwepa imezibwa. Waliofanya mtihani wa KCSE nchini Kenya wanayakumbuka maagizo ya aina hiyo kutoka karatasi ya pili ya Kiswahili, ile ya 102/2, katika sehemu ya matumizi ya lugha: kanusha, andika kwa wingi, andika katika usemi wa taarifa. Wanaojifunza Kiingereza nao hukutana nayo. Katika mtihani wa Cambridge wa ngazi ya B2, sehemu ya nne ina maswali 6 ambapo mtahiniwa hupewa neno moja asiloruhusiwa kulibadilisha, akatakiwa kukamilisha sentensi ya pili kwa maneno mawili hadi matano.

Kutunga swali kama hilo kunaonekana kazi ya dakika mbili. Unachukua sentensi, unaandika agizo, unaweka jibu lako kwenye mwongozo wa kusahihisha. Taabu huanza siku ya kusahihisha, karatasi ya kumi inapokuja na jibu ambalo mwongozo haulijui lakini sikio lako linalikubali. Dawa yake ni kuugeuza mpangilio wa kazi: orodha ya majibu iandikwe kabla ya swali kukubaliwa, na iandikwe na mtu anayejitahidi kulivunja swali lenyewe. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia kama swali linapima kanuni moja au nne.

Tuchukue hilo hilo umbo la wakati ujao tulifuate hatua kwa hatua.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuieleza. Katika Kiswahili sanifu kirejeshi hukaa katikati ya kitenzi kando ya kiambishi cha wakati: alifika huzaa aliyefika, anafika huzaa anayefika. Kwa wakati ujao kuna nyongeza moja. Kiambishi -ta- hakibaki kilivyo, bali huwa -taka-, kwa hiyo atafika huzaa atakayefika. Wakati wa -me- haupokei kirejeshi katikati hata kidogo, na mtunzi anayetoa sentensi ya “ambaye amefika” akaagiza amba- iondolewe anamtaka mwanafunzi abadilishe na wakati pia, jambo ambalo ni kanuni nyingine.

Swali la kwanza linalomjia mtu kichwani huwa hivi: Unganisha sentensi hizi kwa kutumia o-rejeshi. “Mgeni atakuja kesho. Mgeni ni daktari.” Jibu linalotarajiwa ni “Mgeni atakayekuja kesho ni daktari.”

Sasa kaa uandike majibu mengine. “Mgeni aliye daktari atakuja kesho.” Hilo ni jibu sahihi kabisa, lina o-rejeshi kama lilivyoagizwa, na halijaigusa -taka- popote. “Daktari ndiye mgeni atakayekuja kesho.” Hili nalo limepita, ingawa mkazo umehama. Agizo la kuunganisha limemwachia mwanafunzi uamuzi wa sentensi ipi iwe kichwa na ipi iwe mkia, na uamuzi huo si sehemu ya kanuni tunayotaka kuipima. Tena limemtaka atafute mwenyewe kirejeshi cha ngeli husika, awe anajua kuwa mgeni huchukua -ye-, magari -yo-, kiti -cho-. Akikosea ngeli hatutajua kama -taka- anaijua.

Ndiyo maana ni afadhali kuanza na amba-. Ukiandika “Mgeni ambaye atakuja kesho ni daktari”, kirejeshi tayari kimo mbele ya macho ya mwanafunzi, ndani ya neno ambaye. Ngeli umemsaidia, mpangilio wa sentensi umemsaidia, na kilichobaki ni kuihamisha -ye- hadi ndani ya kitenzi na kuigeuza -ta-.

Bado swali halijakaa sawa, na tatizo ni kitenzi. Kuja ni cha silabi moja, na vitenzi vya silabi moja hubaki na -ku- yake kirejeshi kikishaingia: atakayekuja, si atakayeja. Mwanafunzi akiandika “atakayeja”, amepata au amekosa? -taka- ameiweka, -ye- ameiweka mahali pake, kilichomponyoka ni -ku-. Mwongozo wenye jibu moja utampa sufuri na kumwambia mwalimu kwamba mtoto hajui wakati ujao wa kirejeshi, jambo ambalo si kweli. Vitenzi vya aina hiyo, kula, kunywa, kufa, kuwa, viwekwe kando kwa swali lao wenyewe. Kwenda nacho kina yake, maana kinatoa maumbo mawili yanayotumika, atakayekwenda na atakayeenda. Badala ya yote hayo tuweke fika, pita, soma, vunjika, vitenzi visivyo na la ziada.

“Mgeni ambaye atafika kesho ni daktari.” Hapo tuko karibu. Lakini mpe mwalimu mwenzako sentensi hiyo pamoja na agizo la kutumia o-rejeshi, usimwambie unatafuta nini, umwombe aandike majibu yote anayoweza kuyatetea. Ataandika “atakayefika”, kisha ataandika “anayefika kesho”, kwa sababu watu husema hivyo kila siku, kesho ikiwa imeshabeba wakati ujao. Akiwa mpenzi wa Kiswahili cha zamani ataongeza “afikaye kesho”. Hakuna kati ya hayo linaloudhi sikio. Yote mawili yanazibwa kwa maneno machache ndani ya agizo: usibadilishe wakati.

Neno o-rejeshi lenyewe nalo litazamwe. Kwa kijana aliyesoma sekondari Kenya ni neno la darasani, analijua. Kwa muuguzi kutoka ng'ambo anayejifunza Kiswahili ili aongee na wagonjwa huenda ni neno asilowahi kulisikia, ingawa “atakayefika” anaitumia vizuri. Agizo likimshinda, tumempima istilahi. Njia nyepesi ni kuonyesha mfano mmoja uliokwisha kufanywa na kusema “bila amba-”, neno ambalo kila mtu analiona kwenye sentensi. Mfano huo usitumie wakati ujao, maana ungekuwa umetoa jibu. Tumia wakati uliopita.

Swali lililokamilika linaonekana hivi:

Andika upya bila amba-. Usibadilishe wakati wala neno jingine.
Mfano: Mtoto ambaye alisoma sana amepita. Mtoto aliyesoma sana amepita.
Mgeni ambaye atafika kesho ni daktari.
Mgeni __________ kesho ni daktari.

Ule mstari wa nafasi umefanya kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Mwanzo na mwisho wa sentensi vimekwisha kuandikwa, kwa hiyo hakuna wa kuanza na daktari wala wa kuhamisha kesho. Kwenye Kiingereza watunzi hutegemea idadi ya maneno kuziba njia, ndiyo sababu ya ule mpaka wa mawili hadi matano. Kwetu idadi ya maneno haisaidii sana. Nafsi, wakati, kirejeshi na shina vyote vimo ndani ya neno moja, na jibu sahihi na jibu lenye makosa matatu yote yana urefu wa neno moja. Kwenye Kiswahili kinachobana jibu ni sehemu za sentensi ulizokwisha kumwandikia mwanafunzi kabla na baada ya nafasi.

Kuna jambo jingine nililoliepuka kimyakimya katika sentensi hiyo, nalo linastahili kusemwa. Mgeni ndiye mtenda: yeye ndiye anayefika. Laiti sentensi ingekuwa “Kitabu ambacho mwalimu atanunua ni ghali”, mwanafunzi angetakiwa kujua pia kwamba amba- ikiondoka mtenda kwa kawaida huruka nyuma ya kitenzi: “Kitabu atakachonunua mwalimu ni ghali.” Anayeandika “Kitabu mwalimu atakachonunua” ameipata -taka-, amekosa mpangilio. Juu ya hayo kuna hiari ya kiambishi cha mtendwa, atakachonunua au atakachokinunua, na yote mawili utayakuta kwa waandishi wa kuaminika. Swali moja limeshakuwa matatu kwa kubadilisha tu nani anatenda.

Sasa orodha. Anayekubaliwa ni mmoja, “atakayefika”, na hilo ni jambo zuri. Lakini mwongozo unaoishia hapo umefanya nusu ya kazi, kwa sababu anayesahihisha anahitaji kujua afanye nini na majibu mengine yatakayokuja, na mengi yanatabirika.

“Atayefika” hukataliwa. Ndilo kosa ambalo swali zima limejengwa kulinasa. Tuseme kweli pia: umbo hilo husikika sana katika mazungumzo, na mtoto anayelisikia nyumbani hatalitambua kama kosa. Mtihani unapima Kiswahili sanifu na kosa libaki kosa, ila mwalimu aandike pembeni kwamba kwa mwanafunzi huyu ni suala la mtindo wa mazungumzo, si kutojua kirejeshi.

“Atafikaye” hukataliwa, na linasema jambo tofauti kabisa. Huyu anajua -ye-, ila ameiweka mwishoni, mahali pake pale kitenzi kisipokuwa na kiambishi cha wakati, kama katika afikaye. Anahitaji somo la mahali pa kirejeshi kabla ya somo la -taka-.

“Ambaye atakayefika” hukataliwa. Ameweka vyote viwili kwa wasiwasi. Hili ni kosa la kawaida mno, hata magazetini.

“Anayefika” na “afikaye” hukataliwa kwa sababu agizo lilisema wakati usibadilishwe. Ndiyo maana agizo lazima liseme hivyo. Bila maneno hayo huna haki ya kuyakata.

“Atakaye fika”, maneno mawili, ndilo linalozua ubishi katika kila chumba cha kusahihisha. Umbo liko sawa, maandishi yamekosewa. Uamuzi wangu ni kwamba alama itolewe, kwa kuwa kanuni inayopimwa imeonekana yote, na kosa la kutenganisha liandikwe mahali pake. Mwingine anaweza kuamua vinginevyo. Kisichofaa ni kuuacha uamuzi hadi karatasi zifike mezani, kila msahihishaji akaamua kivyake, na watoto wawili walioandika kitu kile kile wakaondoka na alama tofauti.

“Atakayewasili” litatokea mara chache. Amebadilisha neno alilokatazwa kulibadilisha, lakini kanuni ameionyesha. Mpe alama.

Orodha ya namna hiyo, jibu pamoja na sababu yake, ndiyo inayomfanya msahihishaji wa Mombasa na wa Mwanza watoe alama moja kwa jibu moja.

Lugha yenyewe inapokuwa na majibu mawili

Usidhani lengo ni kulazimisha kila swali liwe na jibu moja. Mahali pengine Kiswahili chenyewe kimetoa maumbo mawili, na mtunzi anayekubali moja tu anamwadhibu mwanafunzi kwa kusoma kitabu tofauti na chake. Kanusha “Ningekuwa na pesa ningenunua gari.” Wako watakaoandika “Nisingekuwa na pesa nisingenunua gari”, na wako watakaoandika “Singekuwa na pesa singenunua gari.” Yote mawili yana asili na yanatumika. Ukiyachanganya, nisinge- mwanzoni na singe- mwishoni, au kinyume chake, unapata mengine mawili. Kubadilisha nafsi hakuokoi, maana asingekuwa na hangekuwa nazo zipo pamoja. Hapo kazi ni kuyaorodhesha yote manne, au kukipa kila kishazi nafasi yake ili kila nafasi iwe na majibu mawili.

Tofauti na hilo ni pale wingi wa majibu unapotokana na swali lililobeba mzigo mzito mno. Mfano mzuri ni usemi wa taarifa, kipenzi cha watahini wetu. “Nitarudi hapa kesho,” Asha alisema. Jibu la kitabuni ni “Asha alisema kwamba angerudi pale siku iliyofuata.” Tazama kilichobadilika: ni- imekuwa a-, -ta- imekuwa -nge-, hapa imekuwa pale, kesho imekuwa siku iliyofuata, na alama za mtajo zimekuwa kwamba. Mambo matano. Sasa hesabu majibu yanayoweza kutetewa. Baada ya alisema unaweza kuweka kwamba, kuwa, ya kwamba, au usiweke kitu: njia nne. Angerudi ndivyo vitabu vingi vya Kenya vinavyofundisha, lakini watu wengi huripoti kwa atarudi na wanaeleweka: njia mbili. Pale au hapo: mbili. Siku iliyofuata, kesho yake, siku ya pili yake, siku ambayo ingefuata: nne. Zidisha upate majibu 64, na hatujagusa bado mpangilio wa maneno.

Hakuna mwongozo utakaoyaandika yote 64, na hakuna haja. Swali lipasuliwe. Ukitaka kupima jinsi kesho inavyogeuka, mwandikie mengine yote: “Asha alisema kwamba angerudi pale __________.” Orodha sasa ni siku iliyofuata, siku iliyofuatia, kesho yake, keshoye, siku ya pili yake, siku ambayo ingefuata. Mstari mmoja wa mwongozo, na anayekosa hapo amekosa hapo hapo. Ukitaka kupima kugeuka kwa -ta-, acha nafasi ya kitenzi peke yake, na useme wazi katika mwongozo kama atarudi inakubaliwa au la. Kwa maoni yangu ikubaliwe kwa mgeni anayejifunza lugha, na kwa mtahiniwa wa sekondari ifuatwe silabasi aliyofundishwa, mradi mwalimu asimwambie kwamba wanaosema atarudi hawajui Kiswahili.

Kuna wingi wa tatu wa majibu, ule unaojificha ndani ya nomino. “Mtoto alipasua sahani. Anza: Sahani…” Tunapima kutendwa kwa vitenzi vinavyoishia na -ua na -oa, kwamba pasua hutoa pasuliwa lakini bomoa hutoa bomolewa, -li- au -le- kufuatana na irabu iliyotangulia. Swali zuri, ila sahani ni ya ngeli ya I-ZI, na umoja wake haupambanuki na wingi. “Sahani ilipasuliwa na mtoto” na “Sahani zilipasuliwa na mtoto” ni sahihi sawasawa. Ama yaorodheshwe yote mawili, ama sentensi iseme “sahani moja”, ama nomino ibadilishwe. “Fundi alibomoa ukuta” haina utata huo: “Ukuta ulibomolewa na fundi.” Anayeandika “ulibomoliwa” ameshindwa kanuni tuliyoipima. Anayeandika “ulibomoka” ametoa umbo jingine la kitenzi linalomfuta fundi. Ikiwa mwanzo wa sentensi na “na fundi” ya mwisho vyote vimechapishwa, hata huyo wa pili atashtuka mwenyewe kabla ya kukabidhi karatasi.

Mashine haina sikio

Siku hizi maswali haya huwekwa kwenye kompyuta na simu, na hapo orodha ya majibu huacha kuwa msaada wa msahihishaji ikawa ndiyo msahihishaji. Binadamu akikutana na jibu lililokosa nukta mwishoni hulipita bila kuliona. Programu hulinganisha herufi kwa herufi, na jibu lisilo na nukta si lile lenye nukta. Nafasi mbili kati ya maneno, herufi kubwa katikati, yote hayo ni majibu mapya machoni pake.

Kiswahili kina mtego wake mwenyewe hapa: ile alama ya ng'. Simu moja huandika `ng'oa` kwa alama iliyonyooka, nyingine huipinda yenyewe ikawa `ng’oa`. Mwanafunzi haoni tofauti, programu inaiona. Kila jibu lenye ng' linapaswa kuandikwa mara mbili kwenye orodha, au nomino na kitenzi vichaguliwe visiwe na alama hiyo, na mimi huchagua njia ya pili kila inapowezekana.

Moodle, programu inayotumiwa na vyuo vingi, ina aina ya swali la jibu fupi ambapo mtunzi huorodhesha majibu mengi, kila moja na kiwango chake cha alama na maelezo yatakayomtokea mwanafunzi. Hiyo inafaa sana kwa orodha tuliyoiandika juu, kwa kuwa anayeandika “atafikaye” anaweza kuelezwa papo hapo mahali pa -ye-. Moodle pia hukubali kinyota kisimame badala ya herufi zozote, na hapo uangalifu unahitajika. Mtunzi aliyechoka kuorodhesha huandika hivi:

```
*atakayefika*
```

Amekubali kila jibu lenye neno hilo ndani yake, na mojawapo ni “ambaye atakayefika”, lile kosa tulilolikataa muda mfupi uliopita. Kwenye swali la nafasi moja kinyota hakihitajiki. Kwenye swali la sentensi nzima kiwekwe mwishoni tu, ili kimeze nukta.

Namna ya kujua kama swali limefanya kazi yake

Swali moja pekee halithibitishi kitu. Mwanafunzi anaweza kuwa amekariri neno atakayefika kama lilivyo, kutoka kwenye barua ya mwaliko, bila kuijua kanuni. Kwa hiyo kila kanuni ipewe maswali matatu au manne yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa ngeli na kitenzi: “Magari ambayo yatapita hapa”, “Kiti ambacho kitavunjika”, “Mvua ambayo itanyesha usiku”. Na kando yake yawekwe maswali ya wakati uliopo na uliopita yenye umbo lile lile. Hayo ya pili ndiyo yanayotenganisha mambo. Anayepata aliyefika na anayefika lakini akaandika atayefika, yatayopita, kitachovunjika, ana tatizo moja tu, -taka-, na litaisha kwa somo moja. Anayeandika alifikaye, anafikaye, atafikaye hana tatizo la wakati ujao hata kidogo.

Majibu yakisharudi, yapange kwa makosa badala ya alama. Weka pamoja wote walioandika kitu kile kile. Swali zuri hutoa makundi machache makubwa, na makosa hukusanyika mahali pale kanuni ilipo. Ukikuta makosa yametawanyika, mmoja kaharibu ngeli, mwingine kabadilisha neno, wa tatu hakuelewa agizo, basi swali linapima kitu ambacho hukukusudia, na kosa hilo ni la mtunzi. Angalia hasa wanafunzi wako hodari. Wakilikosa swali ambalo wanyonge wamelipata, mara nyingi ni kwa sababu wameona jibu la pili ambalo wewe hukuliona.

Wazungumzaji wa tangu utotoni wapewe swali hilo pia, na hasa wasio walimu. Mwalimu hutoa jibu analojua linatarajiwa; fundi cherehani au dereva hutoa jibu linalomjia mdomoni. Jibu lake likiwa halimo kwenye orodha yako, una mambo mawili tu ya kufanya: kuliongeza, au kubadilisha agizo hadi lisiwe jibu tena. Kulikataa bila kubadilisha agizo si njia ya tatu.

Kisha kabla alama hazijatangazwa, pitia kila jibu lililokataliwa mara moja, hata kama mashine ndiyo iliyosahihisha. Kwa darasa la watu arobaini na swali lililobanwa vizuri, majibu tofauti yaliyokataliwa hayatazidi mkono mmoja wa vidole kwa kila nafasi, na kuyasoma ni kazi ya muda mfupi. Lililostahili kukubaliwa liingizwe kwenye orodha pamoja na tarehe na sababu yake, alama za wote walioliandika zirekebishwe, na orodha hiyo iliyokua ndiyo ihifadhiwe pamoja na swali kwa watakaolitumia muhula ujao.